Je, sifuri maana yake "hakuna uhusiano"?

SWALI: Naandika ripoti ya utafiti. Kipimo cha Pearson kimenipa sifuri. Je, ni sahihi kuandika "hakuna uhusiano kati ya x na y"? Na nikitumia Spearman, sentensi itabadilika?

JIBU: Kwa sarufi sentensi haina kosa, ila inadai mengi kuliko ulichopima. Pearson hupima jambo moja tu: nukta zako zimekaribia kiasi gani kulala kwenye mstari ulionyooka. Kwa hiyo andika "hakuna uhusiano wa mstari ulionyooka". Maneno hayo matatu ya ziada ndiyo yanayobeba ukweli.

Jaribu kwa mkono. Chukua x kuanzia -3 hadi 3, na y iwe x mara x. Utapata y za 9, 4, 1, 0, 1, 4, 9. Wastani wa x ni sifuri, hivyo inatosha kuzidisha kila x kwa y yake na kujumlisha: -27, -8, -1, 0, 1, 8, 27. Jumla ni sifuri, na Pearson ni sifuri kamili. Lakini ukinitajia x yoyote hapo, nitakutajia y yake bila kubahatisha! Upande wa kushoto unashuka, wa kulia unapanda kwa kiasi kilekile, na hesabu inavifuta.

Wengi hudhani Spearman ataokoa jahazi. Hapa haokoi. Yeye huondoa thamani zenyewe, huweka nafasi zake kuanzia ndogo hadi kubwa (zinazolingana hugawana nafasi), kisha hupiga hesabu ileile ya Pearson juu ya nafasi hizo. Kushuka na kupanda bado kunafutana, na jibu ni sifuri tena.

Spearman hufaa pale mkunjo unapoelekea upande mmoja tu. Mfano, x ikiwa 1, 2, 3, 4, 5 na y ikiwa 1, 10, 100, 1000, 10000, Pearson ni karibu 0.76, ilhali Spearman ni 1, kwa kuwa kila x inapopanda, y nayo hupanda. Kwa hiyo Spearman ikiwa sifuri, andika "hakuna mwelekeo mmoja wa kupanda au kushuka".

Kabla ya kuchagua sentensi, chora nukta zako. Ukiona umbo la bakuli, au bakuli lililofunikwa, tafuta x ambapo mwelekeo unageuka, kisha pima kila upande peke yake. Katika mfano wangu wa kwanza, kuanzia -3 hadi 0 Pearson ni karibu -0.96, na kuanzia 0 hadi 3 ni karibu 0.96. Ripoti inaweza kusema: "y hushuka x inapokaribia 0, kisha hupanda, Pearson kwa data yote ni 0."

Nukta zikiwa zimetawanyika bila umbo lolote, mimi ningeandika "hatukuona uhusiano". "Hakuna" ni neno zito mno kwa data chache.