Ziada ipo, hela haipo

"Tumefunga mwaka na ziada ya 400,000, mbona mhazini anasema hakuna hela ya mishahara?"

Mhazini yuko sahihi. Biashara ina chungu kimoja, kinachobaki ni cha mwenyewe. Nyie, shirika lisilo la faida, mna mafungu, kila moja na kazi yake. Tuseme mfadhili alitoa 1,000,000 za kisima na mmetumia 450,000. Zile 550,000 zilizobaki zinangoja kisima, hata kama zimo benki ileile. Zitoe kwenye ziada yenu: fungu la kawaida, lile lisilofungwa na mfadhili, lina pengo la 150,000. Kama hamkuwa na akiba ya mwaka jana, basi mmeshakula hela ya kisima (ndiyo maana mhazini kanuna).

— Sisi tulifungua akaunti ya benki kwa kila mfadhili, yakaisha.

— Inasaidia, ila mshahara wa mratibu anayehudumia miradi mitatu mnaukata wapi?