Mvi zikigeuka njano: jua kwanza njano imetoka wapi, ndo ushike chupa ya zambarau

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya saluni, hasa nyie mlioko huku Mwanza, leo naongelea mvi zilizogeuka njano, maana naona wengi wenu mkipata mteja wa mvi mnakimbilia shampuu ya zambarau moja kwa moja, afu mama wa watu anatoka na kichwa cha kijivu kilichofifia na nyie mnasema dawa feki. Dawa mara nyingi haina shida, shida ni kwamba imepakwa juu ya uchafu.

Zambarau haitoi njano. Hiyo ishike kabisa. Kwenye duara la rangi zambarau inakaa mkabala na njano, zikikutana zinafutana, kwahiyo jicho linaona kijivu au fedha badala ya njano, lakini ile njano yenyewe bado ipo pale pale chini. Na kwa sababu umeongeza rangi juu ya rangi, unywele lazima uonekane mzito kidogo kuliko ulivyokuwa. Njano ikiwa nyepesi hauoni tofauti, unaona fedha safi. Njano ikiwa nzito imeelekea ukahawia, ukiweka zambarau unapata ile rangi ya jivu chafu. Ndo maana kazi kubwa ipo kabla ya zambarau.

Unywele wa mvi umekosa ile rangi asilia inayofanya nywele iwe nyeusi, kwahiyo kitu chochote kinachoushika kinaonekana. Kwetu huku chanzo cha kwanza ni moshi. Akina mama wanaokausha samaki mialoni, wanaopikia kuni au mkaa ndani, wavuta sigara, moshi unaacha kitu kama lami nyembamba juu ya unywele na mara nyingi inaanzia mbele, kwenye paji na pembeni mwa masikio. Chanzo cha pili ni mafuta, hasa ya mgando yale ya njano, yanajilimbikiza yanakamata vumbi na huo moshi. Wengine wanaoga maji ya kisima yenye kutu, chuma kinakaa kwenye unywele. Hizo zote ni njano za juu, zinatoka au zinapungua sana kwa kuosha vizuri.

Njano ya aina nyingine ni ya kuungua. Pasi ya nywele yenye moto mkali, draya iliyosogezwa karibu sana, na jua, maana mtu anayeshinda ziwani au sokoni kichwa wazi jua linaharibu protini ya unywele wenyewe. Hii haioshwi, iko ndani. Unaifunika kwa zambarau au kwa tona, yaani rangi inayoingia ndani ya unywele, au unaikata, basi.

Utajuaje ni ipi? Mpeleke mteja mlangoni kwenye mwanga wa mchana, usiangalie chini ya taa ya njano ya saluni itakudanganya. Angalia njano imekaa wapi. Ikiwa imetanda zaidi mbele na unywele unanata kidogo, fikiria moshi na mafuta. Ikiwa mashina ni meupe afu ncha ndo za njano na ukizishika ni kavu zinakwaruza, hapo ni pasi. Afu chukua kifundo kidogo cha nywele, kilowanishe, kisugue na shampuu kwenye tishu nyeupe. Tishu ikichafuka, uchafu upo juu. Isipochafuka na njano iko vile vile, imeingia ndani. Na muulize kuhusu hina, kwasababu hina kwenye mvi inatoa rangi ya chungwa, na chungwa adui yake ni bluu sio zambarau, unaweza kupaka zambarau mpaka jioni usione kitu.

Nawapa mfano wa mama mmoja anauza sangara wa moshi, anatokea upande wa Igombe, alikuja kabla ya sendofu ya binti yake, anataka mvi zake ziwe nyeupe kama za marehemu mama yake. Nywele fupi, za asili, mvi karibu kichwa kizima isipokuwa kisogoni kuna nyeusi zimebaki.

"Shikamoo mama, nywele unapaka nini?"

"Marahaba mwanangu, napaka haya haya ya mgando, tangu zamani."

"Na pasi je?"

"Pasi mjukuu wangu ananipigia Jumapili nikienda kanisani."

Umeona, maswali mawili tu yamekupa vyanzo viwili, na kazi yake ya moshi ndo cha tatu. Nikamuuliza pia kama ashawahi kuwashwa na piko au dawa ya kutia weusi, akasema hapana. Hilo swali usiliruke kwa mtu mzima yeyote, maana tona nyingi zinazochanganywa na divelopa, ile dawa ya peroksaidi ya kuamsha rangi, zina kemikali za ukoo mmoja na zile za rangi nyeusi, na aliyewahi kuvimba uso kwa piko anaweza kuvimba tena kwa tona. Hata aliyesema hapana unampaka tone dogo la hiyo tona nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, unasubiri saa 48. Yeye alikuja siku mbili kabla kwa ajili hiyo tu, nikampaka akaondoka.

Siku ya kazi nilianza na shampuu ya kusafisha kwa kina, ile isiyo na mafuta, maji ya uvuguvugu. Mwosho wa kwanza povu halikutoka karibu kabisa, hiyo ni dalili ya mafuta mengi, usiongeze shampuu ukadhani ni kidogo, suuza tu anza upya. Maji yaliyotoka yalikuwa kama chai ya rangi. Mwosho wa pili povu likaja, nikaliacha dakika 3 huku nasugua mbele kwa ncha za vidole, sio kucha. Nikasuuza, nikakausha kwa taulo, tukarudi mlangoni. Mbele palikuwa pameshapauka sana, imebaki njano laini, ila ncha za utosini bado njano ile ile. Hapo ndo nikajua pasi ilifanya kazi yake. Kama angekuwa mtu wa maji ya kisima ningetumia shampuu ya kutoa madini badala ya hii, maana ya kawaida haing'oi chuma vizuri.

Sasa zambarau. Rangi ya kwenye shampuu hii ipo tayari, inakaa nje ya unywele, ndo maana inaisha baada ya kuosha mara chache. Ukisoma nyuma ya chupa mara nyingi utaona CI 60730, hiyo ni zambarau yenyewe. Usipoona rangi yoyote kwenye orodha na shampuu ukiimimina ni nyeupe, jina la chupa lisikudanganye. Vaa glavu, paka kwenye nywele mbichi iliyokamuliwa, usipake kwenye kavu, kwasababu kavu inanyonya bila mpangilio unapata mabaka. Anzia penye njano zaidi. Ila ncha zilizoungua ziache mwisho, zina vitundu, zinanyonya haraka kuliko mashina, na watu wengi wanaotoka na ncha za zambarau wamepata hilo tatizo hapo hapo. Mi huwa nachanganya shampuu na kondishna nusu kwa nusu kwa ajili ya ncha tu. Mara ya kwanza dakika 2 mpaka 3, futa kifundo kimoja kwa tishu uangalie, ikihitajika ongeza. Nywele zetu za kipilipili zinaficha rangi ndani ya mizunguko kwahiyo vuta kifundo kinyooke ndo uone ukweli.

Kwa wateja wengi unaishia hapo, na kusema kweli mi napenda waishie hapo. Huyu mama mbele alikuwa fedha tayari, ila ncha za utosini zilikuwa bado, na alitaka ikae zaidi ya wiki kwasababu baada ya sendofu kuna harusi. Ndo tukaenda kwenye tona.

Tona inafanya kazi tofauti. Vipande vidogo vya rangi vinaingia ndani ya unywele, divelopa inaviunganisha vinakuwa vikubwa vinashindwa kutoka kirahisi, kwahiyo inakaa wiki kadhaa kutegemea anaosha mara ngapi. Chagua ya fedha au lulu yenye msingi wa zambarau, isiyo na amonia, na divelopa ndogo, asilimia 1.9 ambayo wengine wanaita vol 6, isizidi asilimia 3. Usishawishike na vol 20 eti ishike vizuri. Kumbuka kisogoni ana nywele nyeusi, vol 20 inaweza kuzifungua zikawa za kahawia zenye wekundu na hapo umemtengenezea shida ambayo hakuja nayo. Namba kwenye boksi zinatofautiana kwa kila kampuni, zambarau ya huyu sio namba ya yule, soma chati yao.

Nilichanganya gramu 20 za tona na gramu 40 za divelopa, moja kwa mbili kama boksi lilivyosema, yako ikisema tofauti fuata yako. Kwanza nikapunguza zile ncha zilizokauka kabisa kwa mkasi. Nikajaribu kifundo kimoja nyuma, dakika 5, kikatoka fedha, nikaendelea. Mashina kwanza, maana mvi yenye afya ni ngumu inachelewa kupokea, ncha zikafuata baada ya dakika 5 hivi. Kwenye kibakuli na kichwani tona inageuka zambarau nzito inatisha, hiyo sio rangi ya mwisho, usiogope ukasuuza mapema. Kinachosema ukweli ni kifundo kilichofutwa, na nilikifuta kila baada ya dakika chache. Dakika ya 12 nikasuuza maji ya vuguvugu mpaka yakawa meupe, kondishna dakika 5. Iliyobaki kwenye kibakuli ikamwagwa, ikishachanganywa haiwekwi akiba.

Ikitokea imezidi na imekuwa zambarau, usipake kitu kingine cha rangi kuirekebisha. Rudi kwenye shampuu ya kusafisha kwa kina, osha mara moja au mbili siku hiyo hiyo, afu kondishna. Ya shampuu inatoka haraka, ya tona inafifia kidogo kidogo, mwambie mteja ukweli huo.

Huyu mama tuliagana hivi: mafuta ya mgando aache, apake ya maji yasiyo na rangi au ya nazi kidogo sana, akiwa kwenye moshi ajifunge kitambaa cha pamba kichwa kizima hadi paji, mjukuu ashushe moto wa pasi na apake kwanza kinga ya joto au aache kabisa, na shampuu ya zambarau mara moja kila wiki mbili, sio kila akioga, maana inakausha. Miosho mingine atumie shampuu ya kawaida. Na nikampangia arudi baada ya wiki tano tuangalie mashina, kama ni meupe hatugusi tona tena.