Kutendana, kutendeka au kutenduka: usidanganywe na mwisho wa kitenzi

Ninyi mnaoanza kujiandaa kwa mtihani wa Kiswahili, maswali ya kauli za vitenzi huwaangusha zaidi wanaotazama silabi za mwisho tu. Mtahiniwa akiona -ana anaandika kutendana, akiona -ika anaandika kutendeka. Watunga mitihani wanalijua hilo.

Chukua patikana. Kinaishia -ana, ila hakuna wawili wanaotendeana. Kutoka pata tunapata patana, yaani kuafikiana, na patikana, yaani kuweza kupatwa. Ndivyo ilivyo kwa juana na julikana, onana na onekana. Ukiona -ikana au -ekana, shuku kutendeka kwanza, kisha utafute mshirika. Katika "Asha ameonana na Juma", Juma naye amemwona Asha. Katika "Mshtakiwa amepatikana na hatia", "na" ipo, lakini hatia haikumpata mtu wala kupatwa naye kwa zamu. Kwa hiyo "na" peke yake si ushahidi. Tukana nacho kinaishia -ana na hakina kutendana ndani yake. Wakitukana wote wawili, wametukanana.

Kwa -ika na -eka, jaribu kuweka yambwa mara baada ya kitenzi. "Funika sufuria" na "chomeka plagi" zinakubali, basi hivyo si vitenzi vya kutendeka. "Kikombe kimevunjika" haikubali: huwezi kusema kimevunjika kitu.

Panapohitaji subira ni -uka, ambayo baada ya o huwa -oka, kama chomoka. Rudisha kitenzi kwenye -ua au -oa, halafu uulize kama kuna tendo la awali lililofumuliwa. Funguka inatoka fungua, nayo inaondoa funga. Chomoka inatoka chomoa, nayo inaondoa chomeka. Hapo pana kutenduka. Pasuka inatoka pasua, lakini pasua haiondoi tendo lolote lililotangulia, kwa hiyo ni kutendeka tu, ingawa mwisho wake ni -uka. Chafuka vilevile.

Tazama swali la aina hii: "Kamba iliyokazwa jana imelegea, na sasa ____ yenyewe." A. imefungana B. imefungika C. imefunguka D. imefunguliwa.

A inataka kamba ya pili, na haipo. B inasema kamba imekubali kufungwa, wakati "imelegea" inaelekea upande wa pili. Zinabaki C na D, zote zikiwa na maana ya kuondoa fundo, na hapa wengi hukisia. Neno linaloamua ni "yenyewe": D ina mtu aliyefungua hata asipotajwa, C haina. Jibu ni C. Mtunzi akiondoa "imelegea" na kuandika "na mlinzi" mahali pa "yenyewe", jibu linahamia D.