Popo wa matunda kwenye miembe ya Lubumbashi: maswali yenu

Papa, asubuhi chini ya mwembe wangu najaza beseni zima kwa mipira ya nyuzi. Ni mavi ya popo? Na maembe waliyoyaacha, watoto wale? (Mama wa Kampemba)

Hapana mama, hayo ni makapi. Popo hatafuni kama mbuzi. Anang'ata kipande, anakikandamiza kwa ulimi kwenye kaakaa, anameza maji yake, halafu anatema nyuzi. Geuza mpira mmoja kwa kijiti, utaona mistari ya kaakaa lake imejichora pale. Mavi yenyewe ni majimaji, mara nyingi yana vimbegu vya mkuyu ndani.

Embe lenye alama ya meno lifukie, hata kama upande wa pili ni mzima, kwa sababu limeshapata mate na huenda na mkojo pia. Lililo zima lioshe, limenye, watoto wale.

Zaidi ya kutumalizia maembe, popo wana kazi gani? (Kijana wa Katuba)

Masuku unayoyanunua barabarani mvua zinapoanza, wao pia wanayala. Suku moja wanalibeba mdomoni hadi mti mwingine, wanakula nyama, kokwa zinaanguka mbali na mama yake. Vimbegu vidogo kama vya mkuyu vinamezwa na kutoka vizima, mara nyingi popo akiwa angani. Hapo ndipo anapompita ndege. Ndege wengi wa msituni hawapendi kuvuka uwanda mtupu, lakini popo anauvuka kila usiku, na mbegu zinadondoka palepale miti ilipokatwa kwa ajili ya makala ya kupikia. Watafiti waliowafunga popo vifaa vya GPS kule Ghana walikadiria kwamba mbegu ndogo inaweza kufika hadi kilomita 75.

Kuna na maua. Msufi na mbuyu hufungua maua yao jioni, nyuki wameshalala. Popo anatia uso ndani kutafuta asali ya ua, anatoka na unga wa manjano shingoni, anaupeleka kwenye mti unaofuata.

Popo wanaleta Ebola. Vijana wa avenyu yetu wanataka kuwachoma moshi wote na kukata mti wanamolala. Kwa nini tusifanye hivyo? (Papa wa Ruashi)

Hofu yako ina msingi, papa, ila tutenganishe mambo. Mwaka 2005 watafiti walitangaza kwamba wamekuta chembe za urithi za kirusi cha Ebola na kingamwili zake katika aina tatu za popo wa matunda kutoka Gabon na Kongo ya Brazzaville. Lakini hadi leo hakuna aliyepata kirusi hai cha Ebola ndani ya popo. Marburg, ndugu yake Ebola, ndiyo imethibitika: kirusi hai kimetolewa katika popo wa matunda wanaolala mapangoni na ndani ya migodi. Hapa kwetu Kongo, wachimba dhahabu wa Durba waliugua Marburg kati ya 1998 na 2000.

Sasa sikiliza yaliyotokea Kitaka, mgodi wa Uganda magharibi. Mwaka 2007 wachimbaji waliugua Marburg. Mgodini mlikuwa na popo zaidi ya 100,000, na katika kila 100 waliopimwa, kama 5 walikuwa na kirusi. Mwaka uliofuata wachimbaji wakawaua kwa nyavu na kuziba njia zao, hadi mgodi ukabaki mtupu. Mwaka 2012 Marburg ikalipuka Ibanda, kama kilomita 20 kutoka hapo. Watafiti waliporudi mgodini walikuta popo wachache wamerudi, lakini sasa kama 13 katika 100 walikuwa na kirusi.

Maelezo yao ni haya: waliouawa wengi walikuwa wameshaugua na kupona, wana kinga. Nafasi yao ikachukuliwa na wageni, wengi wao wachanga wasio na kinga, na kirusi kikapata kuni mpya.

Popo wanaolala juu ya mti wenu si wale wa mapangoni. Hata hivyo mkiwachoma moshi, majeruhi wataanguka uani, nani atawaokota kwa mikono? Watoto. Waacheni juu, msikae chini ya mti huo, funikeni visima na mapipa ya maji. Na anayechinja popo ajue kwamba damu mbichi ndiyo hatari kubwa kuliko nyama iliyoiva kabisa.

Mtoto wangu ameokota popo aliyeanguka, akang'atwa kidole. Jeraha ni dogo kama la sindano. Nisubiri nione? (Mama wa komini ya Kenya)

Usisubiri hata usiku huu. Popo wanaweza kubeba virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa, na dalili zikianza hakuna dawa. Osha kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, usifunge jeraha kwa nguvu, nenda naye kituo cha afya leo, useme wazi kwamba ni popo aliyemng'ata. Watakuambia kuhusu chanjo. Popo mwenyewe msogeze kwa koleo, usimguse.