Presi inagoma usawa wa paji la uso? Sukuma chuma kisichosogea

Wakuu, leo naongelea presi ya kusimama, ile ya kutoa chuma mabegani mpaka mikono inyooke juu ya kichwa. Wengi tunaopiga vyuma huku Tanga tunakwama palepale, chuma kinatoka mabegani vizuri, kinapita pua, kikifika usawa wa paji la uso kinagoma, unatetemeka nacho sekunde mbili halafu kinarudi. Wiki inayofuata unaongeza protini na kelele, bado kinagoma palepale.

Kinagomea hapo kwa sababu pale chini unakirusha, kinaondoka na mwendo wake, na ule mwendo unaishia karibu na macho. Na hapohapo mkono wa juu, yani toka bega mpaka kiwiko, unakuwa umelala karibu sawa na sakafu, kwahiyo mzigo unalivuta bega kwa nguvu kuliko sehemu nyingine yoyote ya safari. Ukishapita hapo nyuma ya mkono inasaidia zaidi na kazi inapungua. Ndo maana mtu anaweza kuwa na nguvu za kufunga kilo 70 juu kabisa ila 62.5 inamshinda katikati.

Kabla hujalaumu nguvu lakini, weka simu pembeni, usawa wa bega, ujirekodi ukiwa na uzito wa juu. Angalia chuma kinapandaje. Kama kinakwenda mbele mbali na uso wako badala ya kupanda karibu na pua na kurudi juu ya kichwa, tatizo lako ni njia, na haya nitakayosema hayatakusaidia mpaka urekebishe hilo. Kama njia iko sawa na bado kinakufa, simamisha video pale kinapoanza kupunguza mwendo, sio pale kinaposimama kabisa. Hizo ni sehemu mbili tofauti, mara nyingi zimepishana vidole vitatu au vinne, na dawa inawekwa pale pa chini ambapo nguvu imeanza kukata.

Sasa zoezi lenyewe. Unahitaji stendi yenye matundu na pini pande zote mbili. Chuma kinakaa juu ya pini za chini, halafu pini nyingine zinawekwa juu yake, usawa ule nguvu inapoanza kukata, kwahiyo unakisukuma kidogo tu kinagonga zile za juu na hapo hakiendi kokote. Jamaa yangu mmoja fundi wa kuchomelea hapa Ngamiani alijitengenezea stendi yake, matundu yamepishana sentimita 5, na kwa vile usawa wake wa kukwama uliangukia katikati ya matundu mawili akawa anasimama juu ya ubao. Ukipanda wewe, pini zinakuwa zimeshuka kwako, kwisha habari.

Namna ya kusukuma ndo wengi wanaiharibu. Usikirushe chuma kikagonge pini, utaumia kiwiko. Kiguse kwanza pini za juu, kaza makalio na tumbo, kiganja kiwe juu ya kiwiko, halafu ongeza nguvu taratibu kwa kama sekunde 2 mpaka ufike mwisho wako, shikilia hapo sekunde 4 mpaka 5 ukisukuma kweli kweli. Achia. Pumzika dakika 2 au 3. Seti 4 zinatosha kabisa, unazipiga baada ya kupasha na kabla ya presi yako ya kawaida. Ukiona mgongo unapinda unalala nyuma kama uko kwenye benchi, hiyo seti haina kazi, umehamia kwenye kifua, punguza nguvu usimame wima.

Shida ya kusukuma kitu kisichosogea ni kwamba hujui kama unaongezeka au unajidanganya tu. Hapa ndo napenda kuweka pleti kwenye chuma hata kama kitazuiwa. Yule fundi presi yake ilikuwa kilo 60 mara moja, 62.5 ikawa inakufa. Tukampa kilo 50 kwenye pini, akinyanyue kile kiumbali kidogo kiguse juu na kisiachane na pini kwa sekunde 5. Akaweza, wiki ya pili 55, ya tatu 60, ya nne 62.5. Kipimo ni sauti tu, chuma kikianza kugongagonga pini za juu tk tk tk kabla sekunde hazijaisha basi uzito umekuzidi, rudi ulikotoka.

Ila hii nguvu haisambai mwili mzima. Inaongezeka zaidi kwenye pembe uliyoifanyia mazoezi na jirani zake, kama nyuzi 15 hadi 20 hivi kila upande, ukitoka hapo faida inapungua sana. Ndo maana kwenye zoezi la pili la wiki tunaweka presi ya kuganda. Fundi alipiga kilo 42.5, seti 4 za tatu tatu, kila moja akipandisha anaganda palepale pa kugoma sekunde 2 kamili halafu anamalizia mpaka juu. Ule mrusho wa mwanzo unafia hapo kwenye kuganda, inabidi uanze upya bila msaada, na chuma kinasafiri njia yake yote kwahiyo mwili unajifunza kuunganisha. Hesabu kwa sauti au mtu akuhesabie, maana sekunde za mtu mwenye mzigo juu huwa fupi sana. Ukiganda na chuma kinashuka hata kidogo, ni kizito, toa pleti.

Wiki 4 zikaisha, wiki moja akapiga nyepesi, kisha akajaribu. 62.5 ikapita, 65 ikapita kwa kusaga meno, 67.5 ikagoma, ila safari hii ikagomea juu zaidi karibu na utosi. Hiyo ndo dalili unayoitaka, na pia ndo sababu ya kuacha hapo. Ukiendelea na pini usawa uleule miezi mitatu hakuna kitakachoongezeka zaidi ya maumivu ya viwiko.

Na msidanganyike na hadithi za zamani kwenye hii kitu. Wajerumani wawili, Hettinger na Müller, waliandika mwaka 1953 kwamba kusukuma sekunde 6 tu kwa siku, tena sio kwa nguvu zote, kunaongeza nguvu asilimia 5 kwa wiki, waliowafuata kupima wakapata ndogo kuliko hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 60 Bob Hoffman, mwenye kampuni ya vyuma ya York kule Marekani, akaanza kuuza stendi za zoezi hili, na baadhi ya wanyanyuaji waliokuwa mfano wake walikuwa wanapewa Dianabol, vidonge vya steroidi vya kuongeza misuli, na daktari John Ziegler. Sa hapo we jiulize kilichowanyanyua ni stendi au ni vidonge.

Asiye na stendi atumie kamba, ikanyage katikati kwa miguu yote miwili, ncha zifunge kwenye bomba la chuma usawa wako wa kukwama, sukuma. Chukua kamba ya katani, bahati nzuri huku kwetu haitafutwi mbali, zile za nailoni zinavutika unajikuta unapanda nazo. Ikague kwanza, katani iliyokaa kwenye unyevu inaoza ndani kwa ndani na ikikatika bomba linakuja na meno yako. Na mwenye presha ya damu hii aiache, kukaza namna hii kunaipandisha ghafla, apige tu presi nyepesi huku anapumua.