Mteja wangu tupo naye kikoba kimoja

Ninaishi Mbagala, na chumba ninachofanyia unasihi kiko mitaa miwili tu kutoka nyumbani. Chuoni tulionywa kuhusu uhusiano wa pande mbili: mteja asiwe ndugu, rafiki, wala mtu mnayefanya naye biashara. Huku kwetu ukilifuata hilo neno kwa neno utafunga mlango, maana muuza mkaa, fundi cherehani na mama wa genge ndio hao hao wanaopiga hodi. Ujirani peke yake haujawahi kuniharibia kazi. Kilichoniharibia ni kuwa na kauli nyingine juu ya maisha ya mteja, nje ya kile chumba.

Miaka kadhaa nyuma alikuja mama mmoja wa mtaani (nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike). Halali, moyo unamwenda mbio. Kikao cha tatu akafunguka: anadaiwa na watu wa kausha damu, mumewe hajui, na ameamua akope kikoba akalipe deni hilo. Kikoba chenyewe ndicho changu, na mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya mikopo. Nilimsikiliza hadi mwisho, nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokosea, si ile Jumapili iliyofuata.

Jumapili ombi likasomwa. Ana hisa za laki tatu, kwetu mkopo ni mara tatu ya hisa, kwa hiyo anaomba laki tisa, sababu: kuongeza mtaji wa genge. Nikikubali, ninawaficha wenzangu jambo linalohusu fedha zao. Nikikataa, nimetumia siri ya kikao dhidi ya mwenye siri. Nikaona nijitoe kistaarabu, nikasema, "Hili mimi siliingilii." Chumba kikawa kimya. Mwenyekiti akanitazama, akamtazama yule mama. Jioni maneno yameshafika bombani: mshauri anajua kitu. Sikutamka siri hata moja, lakini nilikuwa nimeitoa. Mkopo ukaahirishwa, na mama hakurudi kwangu.

Nilimpelekea kesi hiyo mnasihi mwandamizi anayenisimamia. Akaniuliza swali moja: "Ulijua lini kwamba mko kikoba kimoja?" Nilijua tangu siku ya kwanza.

Siku hizi kikao cha kwanza hakianzi na shida ya mteja. Kinaanza na dakika kama kumi na tano za kuhesabu nyuzi: tunakutana wapi zaidi ya hapa? Msikitini au kanisani, kikoba, shule ya watoto, nani anamdai nani, nani ni shemeji ya nani. Kisha najiuliza kama kuna mahali nitatakiwa kuamua jambo lake, kumdhamini, kumdai au kumpangia kazi. Kama papo, ama naachia hicho cheo kabla hatujaendelea, ama nampa rufaa siku hiyo hiyo, kabla hajamwaga ya moyoni. Ukishayasikia huwezi kuyarudisha. Ile kamati niliiacha kabisa, nisiamue ombi la mkopo la mtu yeyote, kwa sababu kujitoa kwa mmoja ni kumnyooshea kidole.

Tunapatana pia namna ya kukutana njiani. Kuna kanuni inayosema mnasihi asubiri mteja aanze kumsalimia. Dar es Salaam hiyo ni balaa. Nikipishana na mama wa umri wa mama yangu bila shikamoo, genge zima litauliza tumegombana nini. Kwa hiyo ninawaambia: nitakusalimia kama nilivyokusalimia jana, sitaongeza wala kupunguza. Na lile "unaendeleaje?" la sauti ya chini, lenye kuinamisha kichwa, nimelifuta. Watu wanalisoma upesi. Mteja akinishika kisimani kutaka kuendeleza maongezi, namjibu, "Hilo tuliwekee nafasi Jumanne." Haya yote nayaandika kwenye faili lake, na tunayapitia tena mambo yakibadilika, kwa mfano wanetu wakianza kuchumbiana. Imetokea!

Ndugu wa damu siwachukui. Si kwamba siwezi kuwasikiliza. Nawasikiliza kama ndugu, na ndugu ana upande. Mwezi uliopita binamu yangu aligombana na mumewe, shangazi akanipigia: "Yaani watu baki unawasaidia, wa kwenu unamfukuza?" Nikamwambia, "Shikamoo shangazi. Mumewe nimekula harusi yake, na wewe kesho utaniuliza amesema nini. Nitamjibu nani?" Akacheka kwa hasira, akakata simu. Binamu nimempa namba ya mwenzangu aliyeko Kigamboni, na nauli nimemtumia. Anavuka na pantoni kila Alhamisi. Amesema nini huko, sijauliza, na shangazi ameshapiga mara mbili kunijaribu.