Kubadilisha Nywele na Nguo kwenye Picha ya Robo Tatu: Anza na Sikio

Mtu akitazama kamera moja kwa moja, kumbadilishia nywele na shati si kazi ngumu. Masikio yamejibana pembeni, shingo imesimama katikati, na kola inakaa sawa pande zote. Akigeuza kichwa tu, sikio linaonekana zima, mstari wa nywele unalizunguka hadi kisogoni, na shingo inatoka ndani ya nguo kwa mshazari. Wengi wetu huanza na nywele kwa kuwa ndizo mteja alizoomba. Mimi nashauri uziache kwanza. Jenga sikio na shingo, ukihakikisha vimekaa sawa, ndipo ulete nywele na nguo.

Nitumie kazi ya aina inayoletwa mara kwa mara. Dada mmoja ana picha ya robo tatu, yaani uso uko kati ya mbele na ubavu, amegeukia kulia kwake. Misuko imeshuka ikafunika sikio la kushoto na sehemu kubwa ya shingo, naye amevaa fulana ya shingo ya duara. Anataka aonekane amefunga nywele nyuma, amevaa shati la kola na koti.

Tatizo la kwanza ni kwamba sikio halipo. Usilitafute kwenye picha ya mtu mwingine, maana ndugu na marafiki wataona kuna kitu hakiko sawa hata wakishindwa kukitaja. Mwombe ajipige picha nyingine kwa simu, nywele zikiwa zimefungwa, amegeukia upande uleule, mwanga ukitoka upande uleule. Ikija, linganisha mgeuko kwa kuangalia pua na shavu la mbali. Kama kwenye picha ya kwanza ncha ya pua imebaki ndani ya shavu, na kwenye ya pili imevuka ukingo wa shavu, basi kichwa kimegeuka zaidi na sikio hilo halitafaa. Kulivuta kwa `Liquify` ya Photoshop hakusaidii sana, kwa sababu upana utarekebishika lakini mikunjo ya ndani itabaki ya pembe nyingine.

Mahali pa kuliweka, kichwa kikiwa kimesimama wima, ncha ya juu ya sikio hulingana takriban na nyusi, na ndewe hulingana na chini ya pua. Akiinua kidevu, sikio hushuka ukililinganisha na nyusi; akiinamisha, hupanda. Mimi huchora mstari unaopita kwenye macho yote mawili, nikauhamishia kwenye nyusi na chini ya pua bila kubadili mwinamo wake, kisha sikio nikaliweka kati ya mistari hiyo miwili. Lilaze nyuma kidogo, lisisimame wima kama mlango. Nyuma yake liache kivuli na ukanda mwembamba wa ngozi kabla nywele hazijaanza. Ukanda huo ukikosekana, sikio linaonekana limebandikwa juu ya nywele.

Sasa shingo. Kichwa kikigeukia kulia, msuli wa upande wa kushoto hujitokeza, ukitoka nyuma ya sikio kushuka hadi kwenye shimo la koo, pale mitulinga miwili inapokaribiana. Katika picha yetu msuli huo ulifunikwa na misuko, kwa hiyo lazima uchukuliwe pamoja na sikio kutoka picha ya pili. Ukiusawazisha kuwa ngozi tupu, shingo inakuwa bomba, na hakuna kola itakayokaa juu yake ikaaminika.

Shimo la koo ndilo linaloamua nguo. Watu hutafuta shati lililogeuka sawa na uso, kumbe nguo hufuata mabega. Dada huyu anaweza kuwa amegeuza kichwa tu, kifua kikiwa bado kimeelekea kamera. Angalia shingo ya fulana yake: kama katikati ya duara iko kati ya mabega mawili, kifua kimetazama mbele, na unahitaji shati lililopigwa kwa mbele. Kama imesogea kuelekea bega la mbali, tafuta shati la robo tatu. Kifungo cha juu kikae kwenye shimo la koo, popote lilipo. Kumbuka pia kwamba kola hukaa juu kisogoni ikashuka mbele, na kadiri mwili unavyogeuka ndivyo mteremko huo unavyoonekana zaidi.

Kola yenyewe naikata vipande viwili. Kipande cha nyuma, kinachoonyesha upande wa ndani wa kitambaa, kinakaa leya ya chini ya shingo. Kipande cha mbele kinakaa juu ya shingo. Kisha naongeza kivuli cha kola kwenye ngozi kwa leya mbili za `Multiply`: moja nyembamba na nzito pale kitambaa kinapogusa ngozi, nyingine pana na hafifu. Rangi ya kivuli isiwe nyeusi. Ichukue kutoka kwenye kivuli kilichopo tayari chini ya taya.

Nywele zinakuja mwisho, na hapa kuna jambo moja ninalotamani kila mtu alijue. Usikate nywele mpya kwenye mizizi. Zichukue pamoja na kipande cha ngozi ya paji la uso na panja, linganisha rangi, kisha ufiche kiungo kwa maski ndani ya ngozi, mahali palipo tambarare. Mstari wa nywele wa kweli hauna ukingo. Nywele huanza chache, ngozi ikionekana katikati, halafu zinazidi. Mpito huo ni mgumu sana kuuchora, ila ukija na ngozi yake unakuja mzima. Mbele ya sikio acha vinyweleo vinavyoshuka panjani, na kisogoni acha vichache vilivyotoroka. Vichore kwa brashi ya pikseli 1 hadi 3, ukianzia kwenye mzizi na kufuata upande nywele zilikovutwa. Mistari ya nywele zilizofungwa hutoka panjani, hupita juu ya sikio na kuelekea kwenye fundo. Ikipita pengine, fundo litaonekana halishiki kitu.

Ukimaliza yote hayo na picha bado inakataa, angalia ukali wake. Picha nyingi za sura zimelengwa kwenye jicho lililo karibu, kwa lenzi iliyofunguliwa sana, na sikio liko nyuma ya jicho hilo kwa sentimita kadhaa. Kwa hiyo sikio huwa limelegea kidogo, na kisogo zaidi. Nywele ulizoleta zikiwa kali kuanzia panja hadi kisogo, zitatokeza mbele. Zitilie `Gaussian Blur` kwa maski inayozidi kuelekea nyuma, anzia pikseli 0.5 uone, ukitazama picha kwa ukubwa wa 100%. Ndipo urudishe punje za picha, kwa kuwa ukungu huo huzifuta.

Kwa kukagua, igeuze picha kulia-kushoto, kisha iondolee rangi kwa leya ya muda. Ikigeuzwa, sikio lililopanda au kola iliyolala vibaya hujitokeza mara moja. Bila rangi, utaona kama shingo ni nyeupe kuliko shavu.

Picha ya ubavu kamili ina ugumu wake: kisogo kizima kimechorwa dhidi ya mandhari. Ukifunga nywele zilizokuwa zimeshuka, unafichua mandhari ambayo kamera haikuiona. Ukuta wa rangi moja unajazika. Kama nyuma kuna majani au rafu ya vitabu, mimi humwambia mteja apigwe upya.